Vifaa Vyote Vipande na Vishuke Pamoja: Kulinda Mnara wa Redio ya Kijijini Dhidi ya Radi

Ndugu mwenyekiti, mameneja wa redio jamii, nanyi mafundi wenzangu mliotoka Kasulu, Kibondo, Ngara, na mliovuka mpaka kutoka Kivu Kusini, habari za asubuhi. Nashukuru kwamba mmeuweka mkutano huu Septemba, udongo ukiwa mkavu na mvua hazijaanza. Huu ndio wakati wa kupima athi, yaani njia ya kuupeleka umeme ardhini.

Tunaishi mahali penye radi nyingi kuliko karibu kote duniani. Mwaka 2016 watafiti walichapisha hesabu za radi zilizoonwa na setilaiti kwa miaka mingi. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilitoka la kwanza, kwa mimweko 233 hivi kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. La pili lilikuwa Kabare, Kivu Kusini, kwa mimweko 205 hivi. Wenzetu wa Kabare wako humu ukumbini. Kwa hiyo sisi tunaofunga minara juu ya vilima vya ukanda huu hatuwezi kupanga kazi kana kwamba radi huenda isije. Tupange tukijua itapiga mnara wetu, na itarudia.

Sitawachosha kwa nadharia yote. Ninalo jambo moja la kusema, nalo nitalieleza kwa kituo kimoja nilichoitwa kukikagua baada ya radi kukizima. Jina lake nitaliacha. Ni redio ya FM ya wati 500, mnara wa pembe tatu wenye urefu wa mita 30, na banda la matofali la mashine lililoko mita 6 kutoka mguu wa mnara. Kilima chake ni cha mawe na udongo mwembamba, kama vilima vyenu vingi.

Kituo hicho hakikukosa ulinzi, na hilo ndilo lililonifanya nikichague leo. Juu ya mnara kulikuwa na ncha ya shaba. Mguuni kulikuwa na rodi mbili za athi. Nyuma ya transmita kulikuwa na arresta nzuri, kile kifaa cha kukinga msukumo wa radi, kwenye fida, yaani ile kebo nene ya antena, na arresta hiyo ilikuwa na waya wake wa kijani na njano wa milimita za mraba 6, uliotambaa ukutani mita 4 hadi kwenye rodi nyuma ya banda. Mita ya umeme nayo ilikuwa na rodi yake, upande wa mbele. Aliyefunga alikuwa amenunua kila kitu kilichotakiwa.

Radi ilipopiga, transmita ilikufa, rauta ya intaneti ilikufa, na mikisa ikabaki na chaneli mbili. Meneja aliniambia arresta ilikuwa feki. Tuliifungua, ikawa nzima. Tukafungua transmita. Transista za mwisho, zile zinazokaa karibu na konekta ya antena, zilikuwa salama. Kilichoungua kilikuwa sehemu ya kupokelea umeme wa mtaani: alama nyeusi kati ya waya wa neutro na chasisi, na njia za shaba za bodi zimeng'oka.

Mafundi, jifunzeni kusoma alama za namna hiyo kabla hamjalaumu kifaa. Mashine ikiungua kwenye konekta ya antena tu, tatizo liko kwenye kondakta ya ndani ya fida. Ikiungua upande wa umeme huku upande wa antena uko salama, basi mkondo wa radi uliingia kupitia ganda la fida, ukapita kwenye chasisi, ukatokea kwenye nyaya za umeme. Mashine yenyewe ilikuwa njia. Na iligeuka njia kwa sababu ncha zake mbili zilikuwa zimefungwa kwenye athi mbili tofauti.

Hapo ndipo lilipo jambo langu. Volti kubwa peke yake haiunguzi kifaa. Kinachokiunguza ni tofauti ya volti kati ya waya mmoja unaokiingia na mwingine unaokiingia. Kama fida, umeme, intaneti na rafu ya vifaa vyote vikipanda pamoja hadi volti laki moja, kisha vikashuka pamoja, hakuna mkondo utakaopita ndani ya mashine. Kazi yetu kwenye mnara ni kuvifanya vipande pamoja na kushuka pamoja.

Sasa tufanye hesabu ndogo, maana bila hesabu hii mtu hawezi kuamini kwamba waya wa mita 4 ni tatizo. Pigo la kwanza la radi ya kawaida hufika ampia 30,000 hivi, na huchukua mikrosekunde chache kufika kileleni. Tuseme mikrosekunde 3. Hiyo ni ampia 10,000 zinazoongezeka kila mikrosekunde. Mkondo unaobadilika kwa kasi hiyo hauangalii om za waya. Unaangalia indaktansi yake, yaani tabia ya waya kupinga mkondo unaobadilika ghafla, ambayo kwa waya wa kawaida ni mikrohenri 1 hivi kwa kila mita. Zidisha: kila mita ya waya inayobeba pigo lote inakuwa na volti 10,000 kati ya ncha zake. Unaweza kuupima waya ule kwa mita yako ukasoma om sifuri, lakini wakati wa radi ncha zake mbili hazifanani hata kidogo.

Turudi kwenye kituo chetu. Si pigo lote linaloshuka kwenye fida. Sehemu kubwa hushuka kwenye chuma cha mnara. Tuseme ganda la fida lilibeba ampia 5,000 kwa mikrosekunde 2. Kwenye waya ule wa mita 4 hiyo ni volti 10,000. Maana yake arresta, iliyokuwa nzima kabisa, ilipandishwa volti 10,000 juu ya rodi yake, na transmita iliyoshikana nayo ikapanda hivyo hivyo, wakati upande wa pili imeshikiliwa na neutro iliyofungwa ardhini huko mbali kwenye transfoma. Mkondo ukachagua njia.

Kuongeza unene wa waya hakusaidii sana. Ukiweka waya wa milimita za mraba 35 badala ya 6, indaktansi inapungua kidogo tu. Kinachosaidia kweli ni kuufanya mfupi na kuufanya mpana: mkanda bapa wa shaba wenye upana wa sentimita 7 hadi 10, mfupi kadiri iwezekanavyo, bila kona kali. Panapo ulazima wa kukunja, mkunjo uwe wa mviringo mpana, nusu kipenyo isiyopungua sentimita 20, na waya uelekee chini muda wote. Nimeona mafundi nadhifu wakiuzungusha waya wa athi kama koili ili uziada wake usining'inie. Koili hiyo ni indaktansi uliyoiongeza kwa mkono wako. Ukate.

Tulichofanya kwanza hakikugharimu karibu chochote. Fida ilikuwa ikiacha mnara ikiwa mita 3 juu ya ardhi, ikivuka hewani hadi chini ya paa la banda. Ni mazoea yetu, kwa sababu watu na mbuzi hupita chini. Lakini fikirini: mnara wenyewe una indaktansi, tuseme nusu mikrohenri kwa mita kwa kuwa ni mpana. Mita 3 za chini kabisa, kwa pigo lile lile, zina volti 15,000 kati ya pale fida inapoachana na mnara na ardhi. Fida ikiondoka juu pale, inabeba volti hizo moja kwa moja hadi ndani ya banda. Tukaishusha hadi karibu na msingi, ikavuka chini ya kifuniko cha zege, ikapanda ukuta wa banda kwa nje hadi mahali pa kuingilia.

Pamoja na hilo, ganda la fida lazima lishikanishwe na mnara mahali mahususi kwa kifungo maalumu cha athi, kile kinachouzwa pamoja na fida ya saizi yake. Kimoja juu, chini kidogo ya antena. Kingine chini, mara kabla fida haijakunja kuacha mnara. Minara mirefu kuliko huu huhitaji na vya katikati. Hivi vya mnara wetu vilikuwepo, lakini kile cha chini kilifungwa bila kuzibwa vizuri. Maji yakaingia, shaba ya ganda ikageuka kijani. Ukimenya kebo, safisha, funga, kisha viringisha utepe wa mpira na juu yake utepe wa plastiki, ukianzia chini kwenda juu ili maji yateleze. Na waya wa kifungo uelekee chini, usipande hata kidogo.

Sasa tunafika kwenye mlango wa banda. Tulitoboa ukuta mahali pamoja tu, tukaweka bamba la shaba, sentimita 30 kwa 40, nene kiasi cha kushika bolti. Kila waya unaoingia bandani unapita hapo: fida, umeme, kebo ya intaneti inayotoka kwenye dishi mnarani, hata waya wa taa ya juu ya mnara. Kutoka kwenye bamba, mikanda miwili mipana ya shaba inashuka kwa nje, moja kwa moja, hadi kwenye pete ya athi iliyozikwa kuzunguka banda. Rafu ya mashine ndani imeunganishwa na bamba hilo, na haina athi nyingine yoyote.

Hapa huwa napingwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Wako wanaoamini kwamba vifaa vya studio vinahitaji athi yao safi, rodi ya peke yake mbali na mnara, ili radi ya mnarani isivifikie. Nawaelewa, maana inaonekana ni busara. Lakini pigo la ampia 30,000 likiingia kwenye athi yenye om 20, mnara unapanda hadi volti laki sita juu ya ardhi ya mbali. Rodi yako safi, iliyo mita 10 pembeni, haipandi kiasi hicho. Sasa vifaa vyako vina mguu mmoja mnarani kupitia fida na mguu mwingine kwenye rodi safi. Athi safi ndiyo iliyotengeneza tofauti unayoiogopa. Pigeni rodi nyingi mtakavyo, lakini zote ziunganishwe chini ya ardhi ziwe mfumo mmoja: mnara, banda, mita ya umeme, uzio wa chuma, tangi la mafuta la jenereta, na fremu za paneli za sola kama mnazo.

Sasa arresta yenyewe. Kazi yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, lakini hakuna kingine kinachoweza kuifanya. Ganda la fida tumeshalifunga kwenye bamba. Kondakta ya ndani hatuwezi kuifunga kwenye bamba, tutazima redio. Arresta huishikanisha kondakta ya ndani na ganda wakati wa msukumo tu, kisha huachia. Kwa hiyo mwili wa arresta lazima ukae kwenye bamba lenyewe, umekazwa kwa nati yake kwenye tundu la bamba, si kwa waya. Arresta iliyoning'inia nyuma ya mashine inalinganisha kondakta ya ndani na ganda, sawa, lakini vyote viwili vinaingia ndani vikiwa juu pamoja. Angalia pia maandishi yaliyoko mwilini: nyingi zina upande wa antena na upande wa mashine. Usigeuze.

Ziko aina mbili mtakazokutana nazo sana. Ya kwanza ina kidonge cha gesi. Kidonge hakipitishi kitu hadi volti ifike kiwango chake, ndipo gesi inawaka na kufunga njia. Kosa kubwa ni kununua kidonge bila kupiga hesabu ya nguvu ya transmita. Chukua wati, zidisha kwa 2, zidisha kwa om 50 za fida, tafuta kipeuo cha pili. Kwa wati 500:

```
V = sqrt(2 x 500 x 50) = 224
```

Hizo ni volti za kilele cha mawimbi wakati kila kitu ni kizima. Maji yakiingia kwenye konekta ya antena, mawimbi hurudi na kujumlishana na yanayokwenda, na volti mahali fulani kwenye fida yaweza kukaribia mara mbili, yaani 447. Kidonge cha volti 230 kinaweza kutofautiana na maandishi yake kwa asilimia 20, kwa hiyo kimoja kinaweza kuwaka kwenye 184. Kitawaka mkiwa hewani, siku ya jua, na mawimbi yenu yatakiweka kikiwaka. Mtaona SWR, yaani kipimo cha mawimbi yanayorudi, inaruka, transmita inajipunguza nguvu, na mtatafuta kosa kwenye antena isiyo na kosa. Kidonge cha volti 600, hata kikipungukiwa asilimia 20, huanzia 480. Hicho ndicho cha wati 500. Kwa redio ya mawasiliano ya wati 50, hesabu hiyo hiyo inatoa volti 71, na 141 ikiharibika antena, hivyo kidonge cha 230 kinatosha.

Lakini kila unapopandisha volti za kidonge, unaruhusu zaidi kupita kabla hakijawaka. Tena msukumo wenye kasi humfanya mlinzi huyu achelewe, awake kwenye volti za juu kuliko alizoandikiwa. Ndiyo maana kwa kituo cha FM kinachorusha masafa yale yale miaka yote, napendelea aina ya pili: arresta ya robo wimbi. Ndani yake kuna kipande cha kondakta kinachotoka kwenye njia kuu na kufungwa moja kwa moja kwenye mwili, urefu wake robo ya wimbi. Kwa megahezi 100, robo wimbi hewani ni sentimita 75. Kwenye kebo yenye plastiki ndani ni 50 hivi. Kwa masafa ya kituo chako, tawi hilo halionekani kabisa. Kwa radi, ambayo nguvu yake nyingi iko chini ya megahezi 1, tawi hilo ni njia fupi ya kwenda kwenye bamba. Haina kidonge cha kuchoka, haingoji kuwaka. Udhaifu wake ni miwili: inafaa masafa iliyotengenezewa tu, na haiwezi kupitisha umeme wa moja kwa moja kwenda juu. Kama mnarani kuna kifaa kinacholishwa umeme kupitia kebo hiyo hiyo, hiyo si yake.

Pimeni kwa uangalifu. Mita ya om kwenye arresta ya robo wimbi husoma sifuri kati ya kondakta ya ndani na ganda. Hivyo ndivyo ilivyoundwa. Wapo waliozitupa zikiwa mpya. Antena nyingi za FM nazo husoma sifuri, kwa hiyo ukitaka kupima arresta ya gesi, ichomoe pande zote mbili kwanza. Kidonge kizima hakipitishi chochote. Kilichochoka mara nyingi hushikana, na dalili yake ya kwanza ni nguvu inayorudi kupanda ghafla baada ya usiku wa radi. Kuna wakati kinachoka kimya, hakiwaki tena, na mita ya kawaida haikuambii. Kwa ukanda wetu, badilisheni kidonge kila kabla ya msimu wa mvua. Ni kitu cha bei ndogo.

Umeme wa mtaani tuliufanyia hivyo hivyo. Kinga ya msukumo iliwekwa kwenye bamba, ile iliyopimwa kwa pigo la 10/350, yaani pigo la moja kwa moja, si ile ya 8/20 peke yake. Nyaya zake, kutoka laini hadi kinga hadi bamba, zisizidi nusu mita kwa jumla. Mkishaelewa hesabu ya volti 10,000 kwa mita, hamhitaji kuambiwa sababu. Kebo ya intaneti ya dishi baadaye tuliiondoa, tukaweka nyuzi za kioo zisizo na waya wa chuma ndani yake, na vigeuzi viwili vidogo, kimoja kila mwisho, kile cha mnarani kikipewa umeme wake kupitia bamba lile lile. Kioo hakibebi mkondo. Kati ya vyote tulivyofanya pale, hiki ndicho kilichonifurahisha zaidi kwa bei yake.

Sasa udongo. Nimeuacha hadi hapa makusudi, maana mafundi wengi huanzia hapa na kuishia hapa. Tulichoma pini nne kwenye mstari mmoja, mita 4 kati ya kila mbili, mita ya athi ikasoma om 20. Zidisha kwa 2, kwa 3.14, kwa 4: udongo una ukinzani wa om-mita 500 hivi. Rodi moja ya mita 2.4 kwenye udongo kama huo inatoa om 200. Hata ukizijaza rodi kumi karibu karibu hazisaidii, kwa sababu zinagombania udongo ule ule. Ziachanishe angalau urefu wa rodi moja, heri mbili. Tena kwenye mwamba haziingii.

Mahali pa mawe, mfereji unashinda rodi. Mkanda wa chuma wenye zinki, milimita 30 kwa 4, uliozikwa sentimita 60 kwa urefu wa mita 15, peke yake hutoa om 50 hivi kwenye udongo huo. Tulichimba mifereji mitatu kutoka kwenye miguu mitatu ya mnara, ikatawanyika mbali na banda, na rodi pale tu ardhi iliporuhusu. Tukazungusha pete kwenye banda, mita moja kutoka ukutani, tukaiunganisha na mnara mahali pawili. Mifereji mingi ya mita 15 ni bora kuliko mmoja wa mita 60, kwa kuwa pigo lenye kasi halifiki mwisho wa waya mrefu kabla halijakwisha kupanda. Tulitumia chuma badala ya shaba kwa sababu mbili: shaba huchimbwa na kuuzwa, na shaba ikigusana na mnara wenye zinki, zinki inaliwa na mguu wa mnara unaoza. Panapolazimu shaba ikutane na mnara, weka kati yao kibano cha chuma kisichoshika kutu, na usiache maji yatokayo kwenye shaba yatiririke juu ya zinki.

Mnaojenga upya mna bahati. Nondo za msingi wa mnara, zikiunganishwa na bolti za mguu kabla zege halijamwagwa, ni athi kubwa tayari, kwa sababu zege lililozikwa huvuta unyevu. Baada ya kumwaga haiwezekani tena, kwa hiyo fundi wa redio awepo siku ya kumwaga.

Tulipomaliza, tulipima om 13, mwezi kama huu, udongo ukiwa mkavu. Meneja alisikitika kidogo, maana alikuwa ameambiwa lazima iwe chini ya 10. Viwango vya kimataifa vya IEC 62305 vinapendekeza 10, ndiyo, lakini vinakubali pia athi ya pete na mifereji yenye urefu wa kutosha kulingana na udongo, bila kutimiza nambari hiyo. Kituo hicho kimepigwa tena misimu iliyofuata, walinzi wameona kwa macho, na transmita iko hewani. Mwanzoni pete haikuwepo na kila athi ilikuwa peke yake. Wangeweza kufika om 5 kwa namna ile na bado wakaunguza mashine.

Ncha za juu zinazouzwa kwa bei kubwa, zikidaiwa kuvuta radi kutoka mbali au kuifukuza, siwashauri. Viwango hivyo hivyo haviipi ncha eneo kubwa la ulinzi kuliko urefu wake unavyostahili. Ncha ya kawaida ya chuma iliyopanda mita 1 au 2 juu ya antena inatosha.

Lililobaki ni watu. Mwenyekiti, naomba hili liandikwe kwenye ukuta wa kila banda. Mkondo wa radi ukiingia ardhini, udongo wenyewe unakuwa na volti, na mtu aliyesimama miguu imeachana anakuwa njia. Kwa udongo wa kituo chetu na pigo la ampia 30,000, mtu aliye mita 10 kutoka kwenye mnara, akitanua miguu mita moja, ana volti 24,000 hivi kati ya miguu yake. Akiwa mita 20, zinashuka hadi 6,000. Mifereji inapunguza hesabu hiyo, haiiondoi. Mlinzi asijifiche mvua chini ya mnara, wala asiegemee uzio. Mbuzi na ng'ombe, ambao miguu yao ya mbele na nyuma imeachana sana, hufa mbele ya watu walionusurika. Mlinzi akae ndani ya banda, ambalo pete inalizunguka, asishike maiki wala plagi ya jenereta, na fundi asipande mnara akishasikia ngurumo, hata kama jua linawaka.

Kwa wale ambao bajeti yenu mwaka huu ni ndogo, fuateni mpangilio huu: unganisheni athi zote ziwe moja, kisha wekeni bamba na kuzipitisha nyaya zote hapo, kisha shusheni fida, ndipo mnunue arresta, na mifereji ije mwishoni. Kwa kawaida watu huanza na arresta kwa kuwa inauzwa dukani, ikaishia kuning'inia nyuma ya mashine.

Mita ya athi na pini zake ziko nje, karibu na mnara wa wenyeji wetu. Baada ya chai tutapima kwa vikundi, tukianza na kufungua kifungo cha chini cha fida ili kila mmoja aone ganda lake lina hali gani.